UZI: Jedwali la marejesho ya mkopo katika Excel – riba ya mwezi wa pili imekuwa kubwa sawa na deni lenyewe

MwekaHazina_Moro

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni mweka hazina wa chama kidogo cha akiba na mikopo hapa Morogoro. Kwa miaka yote tumekuwa tukiandika marejesho kwenye daftari, na sasa kamati imeniagiza kuandaa jedwali la Excel litakalochapishwa na kukabidhiwa mwanachama siku anapochukua mkopo.

Nimeanza na mkopo mmoja wa majaribio. Kiasi ni shilingi 6,000,000, riba ni asilimia 18 kwa mwaka inayotozwa kwenye salio linalopungua, na muda ni miezi 12. Mkopo ulitolewa 31/12/2024 na rejesho la kwanza lilikuwa 31/01/2025. Taarifa hizo nimeziweka juu ya ukurasa: B1 ina kiasi cha mkopo, B2 ina riba ya mwaka, B3 ina idadi ya miezi, B4 ina tarehe ya rejesho la kwanza, na B5 ina kiasi cha rejesho. Jedwali lenyewe linaanzia mstari wa 8, likiwa na safu A ya namba ya mwezi, B ya tarehe, C ya salio la kuanzia, D ya rejesho, E ya riba, F ya deni la msingi linalopungua, na G ya salio la kufungia.

Rejesho nililipata kuwa 550,080, nikaliandika kwa mkono katika safu D kuanzia juu hadi chini. Kwenye riba niliandika fomula hii katika E8, kisha nikaiburuta mpaka E19:

```
=ROUND(C8*B2/12,0)
```

Mwezi wa kwanza ulitoka vizuri, kwani riba ilikuwa 90,000 na salio likashuka hadi 5,539,920. Mwezi wa pili riba ikasomeka 5,539,920, yaani sawasawa na salio lenyewe, na badala ya deni kupungua likapanda hadi 10,529,760. Mwezi wa tatu naona alama za ##### tu. Nimeifuta na kuiandika upya mara tatu, na matokeo ni yale yale. Naomba anayeelewa anisaidie, kwa sababu kikao cha kamati ni Jumamosi.

---

KaratasiSafi

Mkuu, tatizo lako ni PMT, ile fomula ya Excel ya kupata rejesho. Excel hutoa rejesho likiwa hasi, hivyo deni linaongezeka badala ya kupungua. Zidisha kwa -1 na kila kitu kitakaa sawa. Isitoshe, huna haja ya kujisumbua na fomula za kuzidisha na kugawa, kwani Excel ina IPMT kwa ajili ya riba na PPMT kwa ajili ya deni la msingi. Tumia hizo mbili na jedwali litajijaza lenyewe.

---

Daftari_Kuu

Ndugu KaratasiSafi, ni kweli PMT hutoa namba hasi ukiipa kiasi cha mkopo kikiwa chanya, na ni kweli kosa hilo hupandisha deni. Lakini hapa mweka hazina ametueleza kwamba 550,080 aliiandika kwa mkono ikiwa chanya, na mwezi wa kwanza ulishuka kama ulivyotakiwa. Kosa liko kwingine, na namba alizotupa zenyewe zinatuonyesha lilipo.

Mweka hazina, simama kwenye seli E9 na uisome fomula yake. Utakuta imeandikwa hivi:

```
=ROUND(C9*B3/12,0)
```

Ulipoburuta, Excel ilisogeza kila anwani mstari mmoja chini. C8 kuwa C9 ni sawa, kwa kuwa kila mwezi una salio lake. Lakini B2 nayo ilisogea ikawa B3, na katika B3 hakuna riba bali kuna idadi ya miezi, ambayo ni 12. Salio likazidishwa kwa 12, likagawanywa kwa 12, ndiyo maana riba yako ya mwezi wa pili ilikuja sawasawa na salio. Ukishaijua sababu, utaona si namba ya ajabu hata kidogo.

Mwezi wa tatu fomula ilifika B4, ambako umeweka tarehe. Kwa Excel tarehe ni hesabu ya siku tu, na 31/01/2025 ndani yake ni 45688. Kwa hiyo ilichukua 10,529,760, ikazidisha kwa 45688, ikagawanya kwa 12, na riba ikawa zaidi ya bilioni 40. Zile alama za ##### si kosa la fomula, ni namba ndefu kuliko upana wa safu. Ungeipanua safu ungeziona hizo bilioni.

Dawa yake ni kuifunga anwani ya riba kwa alama ya dola ili isisogee. Weka kielekezi juu ya B2 ndani ya fomula, bonyeza F4, nayo itageuka kuwa $B$2. Baadhi ya kompyuta za mkononi huhitaji kubonyeza Fn pamoja na F4. Rejesho nalo usiliandike kwa mkono, kwa sababu siku utakapobadilisha kiasi cha mkopo safu D itabaki na namba ya mkopo wa zamani, na jedwali litakuwa na sura nzuri huku likidanganya. Katika B5 weka:

```
=ROUND(PMT(B2/12,B3,-B1),0)
```

Alama ya kutoa iliyo mbele ya B1 ndiyo inayolifanya rejesho litoke chanya. Kisha mstari wa 8 uandike hivi, C, D, E, F na G kwa mfuatano:

```
=B1
=$B$5
=ROUND(C8*$B$2/12,0)
=D8-E8
=C8-F8
```

Katika C9 andika =G8, kwa sababu salio la kufungia mwezi mmoja ndilo la kuanzia mwezi unaofuata. Kisha uburute C9 peke yake kwenda chini, na D8 hadi G8 kwenda chini. Ukitaka kuhakikisha hakuna anwani iliyopotea, bonyeza Ctrl pamoja na kitufe cha ` kilicho juu ya Tab, na ukurasa mzima utaonyesha fomula badala ya majibu. Mimi hufanya hivyo kila ninapopokea jedwali la mtu mwingine kabla sijaamini hata tarakimu moja.

---

Bukavu_Kwetu

Asante sana kwa maelezo haya. Kwa wenzangu wa upande wa Kongo ambao Excel yao ni ya Kifaransa, mkiandika PMT mtapata #NOM? tu. Huku inaitwa VPM, ROUND inaitwa ARRONDI, na kati ya vipengele tunaweka nuktamkato badala ya mkato. Fomula ya B5 inakuwa hivi:

```
=ARRONDI(VPM(B2/12;B3;-B1);0)
```

Sisi tunakopeshana kwa dola, kwa hiyo ile sifuri ya mwisho ninaiweka kuwa 2 ili senti zibaki.

---

MwekaHazina_Moro

Mwalimu Daftari_Kuu, nakushukuru kwa dhati. Nimefunga anwani kama ulivyoelekeza na deni sasa linashuka vizuri: mwezi wa pili riba ni 83,099, wa tatu ni 76,094, na kuendelea. Kumebaki jambo moja. Mwezi wa 12 unaanza na salio la 541,950, riba yake ni 8,129, na baada ya kutoa rejesho la 550,080 salio la mwisho linasomeka -1. Ni shilingi moja tu, lakini mwenyekiti wetu ni mtu wa kuuliza, na sitaki kumpa mwanachama karatasi inayosema chama kinadaiwa shilingi moja naye. Je, nimekosea tena mahali?

---

KaratasiSafi

Ondoa ROUND zote. Mimi sizitumii kabisa, na salio langu la mwisho huwa sifuri kila mara. Kama hutaki desimali zionekane, zifiche kwenye muundo wa seli.

---

Daftari_Kuu

Hapana, mweka hazina, hujakosea. Shilingi hiyo imetokana na kukadiria, na ni jambo la kawaida kabisa. Rejesho kamili kabla ya kukadiriwa ni 550,079.957 hivi, nasi tumelipandisha kuwa 550,080. Kila mwezi tunakusanya sehemu ndogo ya shilingi zaidi ya inayotakiwa, na riba nayo kila mwezi inakadiriwa mara juu, mara chini. Mwisho wa mwaka mabaki hayo yote yanajikusanya katika mstari wa 12.

Ndugu KaratasiSafi ana haki katika nusu ya hoja yake. Ukiondoa ROUND, hesabu itafunga yenyewe kwenye sifuri, au karibu mno na sifuri. Tatizo ni kwamba jedwali litakuwa limeficha vipande vya shilingi ambavyo hakuna mwanachama anayeweza kuvileta dirishani. Mtu atalipa 550,080 huku jedwali likihesabu 550,079.957, na stakabadhi hazitalingana na jedwali. Kuficha desimali hubadilisha kinachoonekana tu, na seli huendelea kubeba namba ndefu iliyomo. Hata hiyo sifuri ya mwisho mara nyingi si sifuri kamili, na ukiipima kwa =G19=0 unaweza kujibiwa FALSE wakati macho yako yanaona 0.

Utaratibu ninaoufuata ni kuliacha rejesho la mwisho libebe tofauti. Mwezi wa mwisho mwanachama hulipa salio lililobaki pamoja na riba yake, si zaidi wala si pungufu. Badilisha D8 iwe hivi, kisha uiburute:

```
=IF(A8=$B$3,C8+E8,MIN($B$5,C8+E8))
```

Inasema kwamba ikiwa huu ni mwezi wa mwisho, lipa kila kilichobaki. Ikiwa si wa mwisho, lipa rejesho la kawaida au kilichobaki, kile kilicho kidogo. Rejesho lako la mwezi wa 12 litakuwa 550,079 na salio litakuwa sifuri halisi. Kazi ya MIN hutaiona leo, utaiona siku mtu atakapolipa zaidi ya alichopangiwa.

Baada ya hapo jumlisha safu E chini ya jedwali. Unapaswa kupata 600,959, jumla ya safu F iwe 6,000,000 kamili, na jumla ya safu D iwe 6,600,959. Jumla ya F ikitofautiana na B1 hata kwa shilingi moja, usichapishe.

---

Mama_Duka_Ilala

Jamani, mimi nimesoma uzi huu kuanzia mwanzo na nimebaki na wasiwasi. Nilikopa shilingi milioni 6 kwa miezi 12, kwa riba hiyo hiyo ya asilimia 18, nami ninalipa 590,000 kila mwezi, siyo 550,080. Afisa aliyenihudumia alinipigia hesabu mbele yangu: asilimia 18 ya milioni 6 ni 1,080,000, jumla 7,080,000, gawanya kwa 12. Sasa ni jedwali la mweka hazina lenye kosa, au ni mimi niliyeibiwa?

---

Daftari_Kuu

Dada yangu, jedwali la mweka hazina halina kosa, na hesabu ya afisa wako nayo ilitoka sawa kwa utaratibu alioufuata. Tofauti ni namna riba inavyotozwa. Wewe umetozwa riba ya flati, yaani kila mwezi unalipa 90,000 ya riba kana kwamba bado unadaiwa milioni 6 nzima, hata katika mwezi wa 12 ambapo deni limekaribia kwisha. Mwanachama wa Morogoro anatozwa kwenye kile anachodaiwa mwezi huo, ndiyo maana riba yake ya mwisho ni 8,129.

Ukitaka kujua mkopo wako ungeitwa asilimia ngapi kama ungepimwa kwa salio linalopungua, andika hivi katika seli yoyote na uiweke katika muundo wa asilimia wenye desimali moja:

```
=RATE(12,-590000,6000000)*12
```

Utapata takriban 31.7%. Kwa hiyo kabla ya kusema umeibiwa, soma mkataba wako kipengele cha riba uone kama neno flati au maelezo yanayofanana nalo yameandikwa. Kama yameandikwa, basi hayo ndiyo mliyokubaliana, ingawa ni ghali. Kama mkataba unasema riba itatozwa kwenye salio lililobaki, una hoja nzito ya kurudi nayo ofisini kwao ukiwa na jedwali mkononi.

---

Mama_Duka_Ilala

Nimeutoa mkataba kabatini. Umeandika "asilimia 18 kwa mwaka" tu, na kiasi cha 590,000 kwa mwezi. Namna ya kutoza riba haikutajwa popote. Sijui nishike lipi.

---

Karafuu_Pemba

Dada, mkataba uliotaja 590,000 na ukausaini, sidhani kama utawashinda kwa sababu hiyo pekee, lakini mimi si mwanasheria. Waandikie barua ukiomba wakupe mchanganuo wa kila mwezi kwa maandishi. Hapo utaona wenyewe wanaieleza vipi.

Na mimi nina swali langu kwa Mwalimu. Katika ushirika wetu wanachama wengi hulipa mkupuo mkubwa baada ya kuuza karafuu. Tumefuata njia ya IPMT na PPMT kama alivyoshauri ndugu KaratasiSafi hapo juu, lakini mtu akishalipa mkupuo riba haibadiliki hata kidogo. Tunakosea wapi?

---

Daftari_Kuu

Swali hili ndilo sababu ya mimi kutopenda IPMT katika jedwali la mkopo ulio hai. IPMT haisomi safu yako ya salio. Unaipa kiasi cha awali, riba, muda na namba ya mwezi, nayo inajibu riba ya mwezi huo kwa mkopo ambao kila rejesho lililipwa kama lilivyopangwa. Haina namna ya kujua kwamba mwezi uliopita mtu alikuja na fedha za ziada.

Tuchukue mkopo huu huu wa milioni 6, na tuseme mwezi wa 4, siku ile ile ya rejesho, mwanachama aliongeza shilingi 1,000,000. Ongeza safu H ya malipo ya ziada, uandike 1000000 katika H11, na ubadilishe G8 iwe hivi kabla ya kuiburuta:

```
=C8-F8-H8
```

Salio la kufungia mwezi wa 4 lilikuwa liwe 4,117,857, sasa linakuwa 3,117,857. Riba ya mwezi wa 5 kwa fomula inayosoma salio ni 46,768. Ukiiuliza IPMT riba ya mwezi huo huo itakujibu 61,768. Hizo 15,000 za tofauti ni asilimia moja na nusu ya milioni aliyokwisha kuilipa, na mkiendelea hivyo mtakuwa mnamtoza mwanachama riba ya fedha ambazo tayari ziko mikononi mwenu. Naomba mrudi kwenye mikopo iliyowahi kulipwa kwa mkupuo mwipige upya.

Ukiendelea chini utaona kazi ya ile MIN. Mwezi wa 9 unafunga kwa 524,658. Mwezi wa 10 riba ni 7,870, rejesho linajishusha lenyewe kuwa 532,528, salio linakuwa sifuri, na miezi miwili ya mwisho inabaki na sifuri katika kila safu. Jumla ya riba inashuka kutoka 600,959 hadi 483,248.

---

KaratasiSafi

Nakubali hapo. Mikopo ninayoshughulika nayo hukatwa moja kwa moja kwenye mshahara na hakuna anayelipa zaidi, kwa hiyo sikuwahi kuliona tatizo hilo. Ila nina pingamizi moja: ofisini kwetu, kama mtu angeongeza milioni, asingefupishiwa muda. Angepunguziwa rejesho kwa miezi 8 iliyobaki, ambalo kwa hesabu yangu lingekuwa kama 416,500.

---

Daftari_Kuu

Hesabu yako iko sahihi, na hilo haliamuliwi na Excel. Ni sharti la mkopo. Kufupisha muda humpunguzia mkopaji riba zaidi, na kupunguza rejesho humpa nafasi ya kupumua kila mwezi. Fomula niliyoitoa inafuata njia ya kwanza, na chama kinachofuata ya pili kianze jedwali jipya kuanzia tarehe ya mkupuo, likiwa na salio jipya katika B1 na miezi iliyobaki katika B3.

---

MwekaHazina_Moro

Wakuu, jedwali limekamilika na jumla zote tatu zimelingana na zile alizotaja Mwalimu. Kwenye tarehe nilikwama kidogo, kwa sababu nilikuwa naongeza mwezi mmoja juu ya tarehe iliyotangulia, na baada ya tarehe 28 Februari miezi yote iliyofuata ikabaki tarehe 28. Nimeihesabu kila tarehe kuanzia ile ya kwanza, na sasa Machi inasoma 31 na Aprili inasoma 30:

```
=EDATE($B$4,A8-1)
```

Jana nilimwonyesha mjumbe mmoja wa kamati aliyewahi kufanya kazi benki, naye ameleta jambo jipya. Anasema riba yetu ihesabiwe kwa siku, siyo kugawanya mwaka kwa 12, kwa sababu Januari ina siku 31 na Februari ina 28. Kwa hesabu yake riba ya mwezi wa kwanza ingekuwa 91,726 badala ya 90,000. Je, ana haki?

---

Daftari_Kuu

Hesabu yake ni sahihi: 6,000,000 mara asilimia 18 mara siku 31, kugawanya kwa 365. Ukitaka kufuata njia hiyo, andika tarehe ya kutolewa mkopo katika B7, hata kama ni mstari wa vichwa vya habari, na E8 iwe:

```
=ROUND(C8*$B$2*(B8-B7)/365,0)
```

Fahamu tu kwamba PMT inachukulia miezi yote kuwa sawa, kwa hiyo rejesho la mwisho litatofautiana na mengine kwa zaidi ya shilingi moja. Ile IF ya safu D italibeba. Lakini njia ipi mtumie, hilo lazima litoke kwenye sera yenu ya mikopo. Sera inasemaje?

---

MwekaHazina_Moro

Sera yetu inasema "asilimia 18 kwa mwaka kwenye salio", na haisemi zaidi ya hapo. Nimeandaa majedwali yote mawili, moja la kugawanya kwa 12 na moja la siku, na nitayapeleka Jumamosi ili kamati ichague na iandike kwenye sera. Nitarudi hapa kuwajulisha.

---

Karafuu_Pemba

Tunakusubiri, kaka. Sisi tumeanza kupiga upya mikopo ya msimu uliopita, na katika mitatu ya kwanza, miwili tayari inaonyesha kwamba ushirika unapaswa kuwarudishia watu fedha.